Kutafuta Kazi kwa Siri Ukiwa Bado Kazini: Jinsi ya Kuitunza Siri Bila Kuishi kwa Uongo

Mtu anayetafuta kazi nyingine akiwa bado ameajiriwa ana haki ya kunyamaza. Mwajiri mara nyingi hamwambii mfanyakazi mapema kwamba anafikiria kupunguza watu, na mfanyakazi naye halazimiki kutangaza kwamba ametuma maombi mahali pengine. Shida ni kwamba kunyamaza huwa kugumu kadiri wiki zinavyopita. Leo unaulizwa ulikuwa wapi asubuhi, kesho unaombwa uongoze kazi ya mwaka mzima, keshokutwa mwenzako anaona jina la kampuni nyingine kwenye skrini ya simu yako, na kila mara unatoa jibu la papo kwa papo ambalo itabidi ulikumbuke baadaye. Nimefanya kazi miaka mingi katika idara ya utumishi, nikiwapokea wanaokuja na kuwaaga wanaoondoka, na nimeona kwamba wengi waliogundulika walikuwa watu waangalifu sana. Kilichowafichua ni uongo mwingi mdogo mdogo waliojizungushia, mpaka siku moja maneno ya Jumatatu yakagongana na maneno ya Alhamisi.

Kwa hiyo hatua zote zilizomo humu zimepangwa kwa lengo moja: kuuendesha utafutaji wako kwa namna ambayo haitakulazimu kudanganya, au itakulazimu mara chache mno. Jambo hilo huilinda siri, na pia hukupunguzia mzigo wa moyoni, ambao kwa maoni yangu ndio unaowafanya watu wengi waikubali kazi ya kwanza inayotokea ili tu mateso yaishe.

Ili mambo yasibaki hewani, tutafuatana na mfano mmoja. Tuseme ni mhasibu mwandamizi wa kampuni ya usambazaji wa bidhaa, mwanamke aliyekaa hapo miaka sita, anayewasimamia wahasibu wawili wadogo, ambaye cheo chake hakijapanda na hakuna dalili kwamba kitapanda. Hana ugomvi na mtu. Msimamizi wake amemtendea wema, na wema huo ndio utakaomsumbua kuliko hofu ya kugundulika.

Hatua ya kwanza: usome mkataba wako kabla ya kuandika wasifu

Watu wengi huanza na wasifu, kisha wanakuja kuusoma mkataba siku wanayopata ofa, wakati tayari wameshamwahidi mwajiri mpya tarehe wasiyoweza kuitimiza. Utoe mkataba wako nyumbani, pamoja na barua zozote zilizoubadilisha baadaye, na utafute mambo manne: muda wa notisi na jinsi unavyohesabiwa, masharti ya kurudisha gharama za masomo ambayo kampuni ilikulipia, kifungu kinachokuzuia kwenda kwa mshindani, na kifungu cha usiri.

Jinsi notisi inavyohesabiwa ndiyo sehemu inayowaponza watu. Mkataba mmoja unaweza kusema siku thelathini tangu barua ipokelewe, na mwingine ukasema mwezi mmoja kamili wa kalenda, yaani unaoanza tarehe mosi ya mwezi unaofuata. Mhasibu wetu ana mkataba wa aina hii ya pili. Maana yake ni kwamba barua iliyopokelewa tarehe 30 Machi inamtoa kazini tarehe 30 Aprili, lakini barua ileile ikipokelewa tarehe 2 Aprili, itamtoa tarehe 31 Mei. Kuchelewa siku tatu kunamgharimu mwezi mzima. Akilijua hilo tangu mwanzo, atamweleza kila anayemsaili muda wake halisi wa kuanza kazi, na hatajikuta akiwaomba radhi watu wa pande mbili kwa mpigo.

Kama kuna kifungu cha kutoshindana na kazi unayoitaka iko katika biashara ileile, mwone mwanasheria kabla ya kutuma maombi. Vifungu hivyo hutofautiana sana kwa maneno na kwa nguvu, na ushauri wa rafiki aliyewahi kuhama kampuni hautoshi.

Hatua ya pili: vitenge vifaa vyako kabisa

Kompyuta ya ofisi, simu ya ofisi, barua pepe ya ofisi na intaneti ya ofisi vyote ni mali ya mwajiri, na katika sehemu nyingi mwajiri ana uwezo wa kuona yanayopita humo. Si lazima pawepo mtu anayekupeleleza. Mitambo yenyewe hutunza kumbukumbu: seva ya barua pepe huhifadhi nakala za ulichotuma hata baada ya wewe kukifuta, mtambo wa intaneti huandika majina ya tovuti zilizotembelewa, na printa ya pamoja hutunza jina la faili pamoja na jina la aliyeichapisha. Hata kutumia simu yako mwenyewe hakukusaidii sana ikiwa umeiunganisha na intaneti ya ofisi, au ikiwa umekubali kampuni iweke programu yake ya usimamizi ndani ya simu hiyo.

Wengi hayo wanayajua. Wanachosahau ni akaunti zao binafsi walizozifungua kwenye kompyuta ya kazini zamani, kabla hawajafikiria kuondoka. Mhasibu wetu aliwahi kuingia kwenye kivinjari cha ofisini kwa akaunti yake binafsi ili apate nywila zake kwa urahisi. Jioni, akiwa nyumbani, anatafuta nafasi za kazi kwa simu yenye akaunti ileile. Asubuhi iliyofuata yuko mbele ya kikao, skrini yake imeonyeshwa ukutani, anaandika herufi ya kwanza ya anwani ya mfumo wa hesabu, na kivinjari kinamkamilishia kwa anwani ya tovuti ya ajira aliyoitembelea usiku. Hakuna aliyemdukua, kumbukumbu za simu na za kompyuta zilikuwa zinaoanishwa zenyewe.

Basi siku ya kwanza ya kazi hii ni ya usafi. Ondoa akaunti zako binafsi zote kwenye vifaa vya ofisi, na ubadilishe nywila zake ukiwa nyumbani. Fungua anwani mpya ya barua pepe kwa ajili ya maombi peke yake, yenye jina lako la kawaida, na uitumie kwenye simu au kompyuta yako binafsi tu. Kwenye simu hiyo zima maonyesho ya ujumbe wakati skrini imefungwa, kwa sababu maneno "Mwaliko wa usaili" yakitokea juu ya meza ya kikao husomeka kwa urahisi hata yakiwa yamepinduka. Angalia pia kalenda: mialiko ya usaili mara nyingi huja na kiambatisho kinachojiingiza chenyewe kwenye kalenda, na ikiwa kalenda hiyo inaonekana kwenye simu ya kazi, wenzako wanaweza kuona saa ulizojifunga, pengine na kichwa cha habari chake.

Kuna kosa la upande wa pili ambalo pia hufichua watu, nalo ni kusafisha kupita kiasi. Mfanyakazi anayeondoa picha zake mezani, anayefuta mafaili mengi kwa siku moja, au anayejitumia nyaraka za kazi kwenye barua pepe yake binafsi, anaonekana kama anayehama hata kama hajapata usaili wa kwanza. Nyaraka za kazi usizichukue kabisa, kwa kuwa ni mali ya mwajiri, na mifumo mingi ya ofisi hutoa tahadhari mafaili yanapotoka nje. Unachoruhusiwa kuwa nacho ni vilivyo vyako: hati za mshahara, mkataba, vyeti, barua za kupandishwa cheo. Hivyo vikusanye taratibu mapema, maana siku utakapovihitaji kwa haraka huenda akaunti yako ya ofisi ilishafungwa.

Hatua ya tatu: wasifu na LinkedIn

Wasifu uandike upya kwenye kompyuta yako binafsi, usiuhariri ule ulioko kwenye faili la ofisi. Faili la Word hubeba ndani yake jina la mwandishi, na wakati mwingine jina la kampuni iliyosajiliwa kwenye programu, kwa hiyo tuma PDF iliyotengenezwa kwenye kompyuta yako. Weka namba yako binafsi ya simu, na usiweke namba ya mezani kwako ofisini.

Kwenye LinkedIn hatari kubwa ni ghafla. Ukurasa uliolala miaka mitatu ukiamka na picha mpya, maelezo marefu na miunganisho mipya arobaini ndani ya wiki moja, wenzako wataelewa bila kuambiwa. Kabla ya kugusa chochote ingia kwenye mipangilio na uzime "Share profile updates with your network", kisha ubadilishe sehemu moja kwa wiki. Kipengele cha "Open to Work" kina njia mbili. Ukichagua "All LinkedIn members", kila mtu ataona kwamba unatafuta kazi. Ukichagua "Recruiters only", taarifa hiyo huonekana kwa wanaotumia huduma ya kuajiri ya LinkedIn, na LinkedIn hujaribu kuwaficha walioko kwenye kampuni yako, lakini yenyewe inasema haiwezi kukuhakikishia usiri kamili. Mimi humshauri mtu aliye kwenye kampuni yenye matawi au kampuni dada asikitumie kabisa, kwa sababu mwajiri wa kampuni dada anaweza kuwa nje ya kichujio hicho na bado akawa anakula chakula cha mchana na bosi wako.

Uwe na hadhari vilevile na tangazo la kazi lisilotaja jina la mwajiri. Lisome kwa kulinganisha na ofisi yako mwenyewe: idadi ya wafanyakazi, mfumo wa hesabu unaotumika, maelezo ya majukumu. Imeshatokea watu wakatuma maombi ya nafasi ambayo kumbe ilikuwa katika kampuni yao, na mara nyingine nafasi hiyo ilikuwa ya kwao wenyewe. Ikiwa tangazo limepitia kwa wakala, mpigie wakala na umwulize jina la mwajiri kabla ya kumpa wasifu.

Hatua ya nne: nani ajue, na ajue kiasi gani

Rafiki yako wa karibu kazini asijue. Nalisema hili nikijua linauma, na simaanishi kwamba atakusaliti. Ukimwambia, umempa yeye kazi ya kuficha: naye ataulizwa, naye itabidi ajibu, na uso wake utakapobadilika bosi akikupangia majukumu ya mwakani, siri itakuwa imetoka bila neno kusemwa. Unamhurumia usipomwambia.

Nje ya ofisi mambo ni tofauti. Mwanasosholojia Mark Granovetter alionyesha mwaka 1973 kwamba habari za kazi mara nyingi humfikia mtu kupitia watu anaofahamiana nao kwa mbali, kwa sababu marafiki wa karibu huwa wanazijua habari zilezile unazozijua wewe. Kwa anayetafuta kwa siri hiyo ni faida, kwani watu wa mbali ndio wasio na uhusiano na ofisi yako. Mhasibu wetu aliandika majina ya watu wanane: aliosoma nao, mkaguzi wa nje aliyewahi kufanya naye kazi na sasa yuko kampuni nyingine, na bosi wake wa zamani. Kila mmoja alimpigia simu badala ya kumwandikia, kwa kuwa ujumbe ulioandikwa hupelekwa mbele kwa kidole kimoja. Alisema mambo matatu tu: aina ya nafasi anayoitaka, kwamba ofisini kwake hawajui, na kwamba asitajwe jina kwa mtu yeyote kabla yeye hajakubali.

Sharti hilo la mwisho ndilo unalopaswa kulipata kwa maandishi kutoka kwa wakala wa ajira. Mwandikie: "Naomba usitume wasifu wangu kwa mwajiri yeyote kabla sijakubali kwa jina la mwajiri huyo." Wakala mzuri atakubali bila maneno. Anayejibu kwamba atautuma popote penye nafasi, achana naye, maana huenda kampuni yako ni mmoja wa wateja wake.

Kuhusu wadhamini, usimwandike msimamizi wako wa sasa. Tumia wasimamizi wa zamani, na kwenye fomu inayokulazimisha kutaja mwajiri wa sasa andika wazi kwamba awasiliwe baada ya ofa ya maandishi na kwa idhini yako. Wanaoajiri wamelizoea ombi hilo. Hata hivyo lirudie kwa mdomo mwishoni mwa kila usaili, kwa sababu anayekusaili na anayepiga simu za uhakiki mara nyingi ni watu wawili.

Hatua ya tano: usaili ndani ya saa za kazi

Hapa ndipo uongo mwingi huzaliwa. Mtu husingizia ugonjwa, kisha mgonjwa wa nyumbani, kisha gari, na akifika usaili wa tatu amemaliza visingizio vyote vinavyoaminika. Mbali na ubaya wake, ugonjwa wa uongo unaweza kudaiwa cheti cha daktari, na kampuni nyingi huuhesabu kuwa kosa la nidhamu. Utakuwa umempa mwajiri sababu ya kukufukuza wakati hakuwa nayo.

Njia iliyo safi ni kutumia likizo yako ya mwaka. Siku ya likizo ni haki yako na hulazimiki kueleza unaitumia kwa nini. Kwa hiyo ukianza kutafuta kazi, usizimalize siku zako. Weka akiba ya siku tano au sita. Ombi liwe la kawaida, lililopelekwa mapema, lisilo na maelezo. Ukiulizwa, jibu la "Nina mambo yangu binafsi ya kushughulikia" ni la kweli na linatosha. Anayeongeza maelezo bila kuombwa ndiye anayetiliwa shaka.

Mhasibu wetu alizingatia pia mzunguko wa kazi yake. Siku za mwisho na za mwanzo wa mwezi hufunga hesabu, na kukosekana kwake wakati huo kungeonekana mara moja, kwa hiyo aliwaambia wote wanaomsaili kwamba anapatikana kati ya tarehe 10 na tarehe 22. Mazungumzo ya kwanza, ambayo kwa kawaida ni ya nusu saa kwa simu, aliyapanga saa saba na nusu mchana, muda wake wa chakula, akatoka nje na kutembea dakika kumi mbali na jengo. Usaili wa pili wa kampuni moja na wa kwanza wa kampuni nyingine aliomba viwe siku moja, mmoja saa tatu asubuhi na mwingine saa nane mchana, akachukua siku moja ya likizo. Wanaoajiri wakikataa ombi la busara la namna hiyo kwa mtu waliyemkuta kazini, hilo lenyewe linakuonyesha jinsi wanavyoitazama nafasi ya mfanyakazi.

Simu zisizotarajiwa nazo zina dawa yake. Wakala akipiga ukiwa mezani, usikimbilie korido huku umeziba mdomo kwa mkono. Ofisi nzima itakutazama. Sema kwa sauti ya kawaida, "Kwa sasa nina kazi mkononi, naomba nikupigie saa saba na nusu," kisha ukate. Sentensi hiyo husemwa ofisini mara kumi kwa siku. Kuhusu mavazi, ikiwa kwenye kazi yako watu huvaa kawaida, usije siku moja na suti. Anza kuvaa vizuri zaidi wiki kadhaa kabla, mara moja moja, au ubadilishe nguo mahali pengine.

Hatua ya sita: mzigo wa maisha mawili

Mtu hudhani kinachochosha ni kuficha. Michael Slepian na wenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia walichapisha mwaka 2017 matokeo yanayoonyesha kwamba watu huzirudia siri zao akilini wakiwa peke yao mara nyingi zaidi kuliko wanavyolazimika kuzificha mbele za watu, na kwamba kule kuzirudia ndiko kunakoendana na hali mbaya ya nafsi. Ninaliamini jambo hilo kwa kuwa linafanana na niliyoyasikia kwa waliokuwa wanaondoka. Siku ya usaili yenyewe ilikuwa nyepesi. Kilichowamaliza ni jioni za katikati, wakisubiri majibu, wakifungua barua pepe kila baada ya dakika chache, wakiwa mezani na familia lakini hawapo.

Ukilielewa hilo, utaona kwamba unachotakiwa kupunguza ni saa ambazo jambo hili linaruhusiwa kukaa akilini. Chagua vipindi viwili kwa wiki, tuseme Jumanne jioni na Jumamosi asubuhi, vya saa mbili kila kimoja, na maombi, utafutaji na mazoezi ya usaili vifanyike humo tu. Barua pepe ya maombi ifungue mara mbili kwa siku, mchana na jioni, kwani hakuna mwajiri wa maana anayeondoa jina la mtu kwa kuchelewa kujibu kwa muda wa saa nne. Jiwekee pia tarehe ya tathmini, kwa mfano miezi mitatu. Ikifika na hujapata kitu, unasimama wiki mbili nzima na kuamua upya kama uendelee, ubadilishe aina ya nafasi, au ukae. Siri isiyo na mwisho unaojulikana huchosha kuliko siri ndefu yenye tarehe. Tena mwambie mtu mmoja nje ya kazi, mwenzi wako au ndugu, na umwambie mambo yote, si nusu. Anayejua nusu huuliza maswali yasiyofaa mbele za watu.

Halafu kuna hatia. Mhasibu wetu anaitwa na msimamizi wake, ambaye anamwambia kwa furaha, "Mwakani tunabadilisha mfumo wa hesabu, nami nimependekeza wewe ndiye uongoze." Akikubali kwa shangwe, amedanganya. Akikataa, atalazimika kueleza. Alijibu hivi: "Nashukuru kwa kuniamini. Ningependekeza tangu mwanzo tuwe wawili, mmoja wa vijana wangu aingie kila hatua, ili mradi usisimame juu ya mtu mmoja." Kila neno hapo ni la kweli, na ni ushauri mzuri hata kama angebaki miaka kumi. Hiyo ndiyo namna ya kujibu ninayoitetea: useme lililo jema kwa ofisi iwe utabaki au utaondoka. Kitu kimoja tu akatae, nacho ni mafunzo ya gharama yenye sharti la kukaa kazini kwa muda fulani. Hapo aombe yaahirishwe, bila kusaini.

Hatia hiyo inaweza pia kupewa kazi ya kufanya. Kila wiki, kama sehemu ya majukumu yake na ndani ya mfumo wa ofisi, mhasibu wetu aliandika ukurasa mmoja wa maelekezo: jinsi ya kufunga hesabu za mwezi, wasambazaji gani huleta ankara zenye makosa, nani benki hushughulikia lipi. Hakuna anayemtilia shaka mtu anayeandika taratibu zake. Siku ya kuondoka ilipofika, makabidhiano yalikuwa yameshaandikwa, na vijana wake wawili hawakuachwa gizani. Nimewaona watu wakipata usingizi upya kwa sababu ya kurasa hizo tu.

Na ukiulizwa ana kwa ana, "Unatafuta kazi?" Andaa jibu lako leo, ulisema kwa sauti ukiwa peke yako mpaka lizoeleke. "Hapana" ni jibu litakalokurudia siku ya kutoa barua, na msimamizi atakayejeruhiwa nalo ndiye utakayemhitaji baadaye kama mdhamini. Jaribu hili: "Nikiwa na jambo lolote kuhusu nafasi yangu, utalisikia kutoka kwangu mwenyewe kwanza. Kwa sasa ninachofikiria ni kwamba nimekaa kwenye cheo hiki muda mrefu, na ningependa tulizungumze." Wakati mwingine mazungumzo hayo huzaa kitu, na utafutaji unaisha palepale.

Ikivuja kabla ya wakati

Dalili huwa wazi. Unaondolewa kwenye barua pepe ulizokuwa ukinakiliwa, kazi mpya zinapelekwa kwa mwingine, au bosi anaanza kukuuliza maswali ya jumla kuhusu mipango yako ya mwakani. Usingoje uvumi ukomae. Omba dakika kumi na msimamizi wako na umwambie kwamba umekuwa ukiangalia nafasi nyingine, kwamba hujasaini popote, na kwamba kazi yako inaendelea kama kawaida. Usitaje kampuni wala idadi. Toka hapo uandike nyumbani tarehe na yaliyosemwa, kwa sababu kama hatua fulani itachukuliwa dhidi yako kesho yake, utahitaji kumbukumbu hiyo utakapomwona mwanasheria au chama cha wafanyakazi. Usijiuzulu kwa hasira ya siku hiyo. Bila ofa mkononi, barua hiyo inamfaidi mwajiri peke yake.

Kutoka ofa hadi barua ya kuacha kazi

Simu ya pongezi si ofa. Hata barua ya ofa yenye maneno "kwa masharti ya uhakiki wa vyeti, wadhamini na afya" bado haijatosha, kwa kuwa sharti moja likishindikana unabaki huna huku wala kule. Mpangilio ni huu: barua ya maandishi, masharti yote kutimizwa na kuthibitishwa kwa maandishi, mkataba kusainiwa na pande zote mbili, ndipo barua ya kuacha kazi itolewe.

Mhasibu wetu alipata barua ya ofa tarehe 20 Machi. Mwajiri mpya alimtaka katikati ya Aprili, lakini yeye alikuwa amewaeleza tangu usaili wa kwanza jinsi notisi yake inavyohesabiwa, kwa hiyo mvutano ulikuwa mfupi. Alitoa idhini wadhamini wake wa zamani wapigiwe simu, akapima afya, na tarehe 28 akapokea uthibitisho kwamba masharti yote yametimia. Alisaini siku hiyo. Tarehe 30 asubuhi aliomba kuonana na msimamizi wake kabla ya mtu mwingine yeyote, akamwambia kwa mdomo kwanza, ndipo akampa barua ya mistari minne: kwamba anaacha kazi, tarehe ya notisi, siku yake ya mwisho ambayo ni tarehe 30 Aprili, na shukrani. Nakala yake aliigonga muhuri wa kupokelewa, kwa sababu siku tatu tu zingemgharimu mwezi. Aliomba kuanza kwa mwajiri mpya siku chache baada ya mwezi Mei kuingia, si tarehe mosi, ili ajipe muda wa kupumua.

Ofisi huenda ikakuahidi nyongeza ili ubaki. Sababu iliyokutoa uwe umeiandika kwenye karatasi kabla ya siku hiyo. Ikiwa ilikuwa mshahara peke yake, sikiliza. Ikiwa ilikuwa cheo kisichopanda au namna kazi inavyoendeshwa, nyongeza ya mshahara haigusi jambo hilo, nawe sasa utakuwa mtu anayejulikana kwamba alikuwa mlangoni.

Msimamizi wa mhasibu wetu aliuliza, kama wengi wanavyouliza, "Umekuwa ukitafuta tangu lini?" Alijibu kwamba ni miezi michache, kwamba hakutaka kumpa wasiwasi wa jambo ambalo huenda lisingetokea, na kwamba taratibu zote za kufunga mwezi zimo kwenye folda ya idara. Kisha akamwomba ruhusa awaambie vijana wake wawili yeye mwenyewe, mchana uleule, kabla tangazo halijatoka.